Imeisha, au Imeisha Kwako?

Ijumaa moja asubuhi, mweka hazina wa kikoba cha akina mama pembezoni mwa Dar es Salaam alitupigia simu. Kwa sauti yake tulidhani anataka kushukuru. Mwanachama wake mmoja alikuwa ameweka akiba ya shilingi 10,000 kwa simu, na daftari letu la kwenye kompyuta likamwandikia 20,000. "Sasa wanangu, hizo nyingine mmemwongezea ninyi?"

Kazi ya kuweka akiba kwa simu tulikuwa tumeitangaza kuwa imeisha siku tisa kabla. Aliyeiandika ni mimi. Kilichotokea si kigumu kueleza: mwanachama akishalipa, kampuni ya simu hutuma taarifa kwenye seva yetu kwamba namba fulani imelipa kiasi fulani, na muamala una namba hii. Seva yetu hutakiwa kujibu kwamba imepokea. Siku ile ilichelewa kujibu, na kampuni isipojibiwa huituma tena taarifa ileile, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Kosa lilikuwa kwenye msimbo wangu, ambao uliandika kila taarifa iliyoingia kuwa ni fedha mpya, bila kuangalia kama namba ya muamala ilishaonekana. Wakati nafanya majaribio mezani kwangu, taarifa ilikuja mara moja tu, maana niliyekuwa naituma ni mimi mwenyewe.

Tulipokaa kikao, dada anayesimamia mahitaji ya bidhaa aliniuliza, "Kaka, si ulisema imeisha?" Nikamjibu bila kufikiri, "Kwangu imeisha." Kikaanza kicheko, halafu kikakata. Kumbe kila mmoja mle chumbani alikuwa na imeisha yake. Mimi nilimaanisha msimbo umeandikwa na unafanya kazi kwenye kompyuta yangu. Mpimaji wetu alidhani neno hilo hutamkwa baada ya yeye kuipima, na hakuna aliyempelekea. Dada wa bidhaa alielewa kwamba wanachama wameshaanza kuitumia bila shida.

Timu yetu ilikuwa inafanya kazi kwa utaratibu wa skramu, au tuseme ilidhani inafanya. Jina hilo limetoka kwenye mchezo wa raga, pale wachezaji wa pande mbili wanapoinama, wakashikana mabega na kusukumana wakigombea mpira. Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walilitumia mwaka 1986 kueleza timu zinazobuni bidhaa kwa kwenda pamoja badala ya kupokezana kijiti idara kwa idara. Wamarekani Ken Schwaber na Jeff Sutherland wakaligeuza kuwa utaratibu wa kutengeneza programu za kompyuta na kuuwasilisha hadharani mwaka 1995. Mwongozo wao rasmi ulitoka mara ya kwanza mwaka 2010, na toleo la mwaka 2020 ni kijitabu cha kurasa 13 tu.

Kiini chake ni hiki. Kazi hugawanywa katika vipindi vifupi vinavyolingana, visivyozidi mwezi mmoja, na kila kipindi huitwa sprinti. Kwetu ni wiki mbili. Yapo mambo yote yanayotakiwa kufanywa kwenye bidhaa, yamepangwa katika orodha moja, la muhimu zaidi likiwa juu. Ofisini tunaiita baklogi. Mtu mmoja ndiye anayeamua nini kikae juu ya nini, naye ni mwenye bidhaa, yule dada wa kikaoni. Wapo wanaotengeneza: kwetu waandishi wa msimbo wanne na mpimaji mmoja. Na yupo skramu masta, anayehakikisha utaratibu unaeleweka na kufuatwa. Si bosi wa mtu.

Baada ya ile Ijumaa, hatukuanza na baklogi wala na mipango. Tulianza na neno imeisha.

Mwongozo unaitaka kila timu iwe na maana moja ya neno hilo, iliyoandikwa na kujulikana na wote. Yetu tuliiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi kubwa ukutani. Kazi imeisha pale ambapo mtu mwingine, si aliyeiandika, amesoma msimbo na kuukubali. Mpimaji ameijaribu kwenye seva ya majaribio, si kwenye kompyuta ya mtu. Majaribio ya kompyuta yenyewe, ya zamani na mapya, yote yamepita. Na maneno yote anayoyaona mwanachama yamesomwa na mtu anayekijua Kiswahili cha vikoba. Hili la mwisho lilitokana na aibu nyingine. Programu yetu iliwahi kumwambia mama mmoja kwamba "ombi lake limekataliwa" wakati kilichokatika ni mtandao.

Mwenzetu mmoja alitaka tuongeze sharti la tano: taarifa ya malipo ikija mara mbili, ihesabiwe mara moja. Tukabishana sana, na ubishi huo ndio ulionifundisha tofauti ambayo wanaoanza huichanganya. Maana ya imeisha ni ya kazi zote. Ukibadilisha rangi ya kitufe, au ukirekebisha tarehe kwenye ripoti, masharti yale manne bado yanakuhusu. Lakini suala la taarifa kurudiwa halihusu rangi ya kitufe. Linahusu kazi zinazopokea fedha. Sharti la namna hiyo huandikwa kwenye kazi yenyewe, likaitwa kigezo cha kuikubali. Ukiyajaza yote kwenye karatasi ya ukutani, baada ya miezi mitatu ina mistari arobaini na hakuna anayeisoma.

Sasa tuje kwenye kuchambua. Baklogi ni kama gunia la mchele wa sokoni: wali umo, na mawe yamo. Hakuna mpishi anayesubiri maji yachemke ndipo aanze kutafuta mawe. Timu yetu ndivyo ilivyokuwa ikifanya. Tulifika kwenye kikao cha mipango, tukasoma kazi kwa mara ya kwanza palepale, na kila moja ikazaa maswali ambayo mwenye majibu hakuwepo. Kikao cha asubuhi kilifika saa kumi jioni, na watu wakakubali lolote ili waende nyumbani. Ukiona kikao cha mipango kinavuta namna hiyo, usikilaumu, mchele haukuchambuliwa.

Uchambuzi maana yake ni kuzichukua kazi zinazokaribia zamu yake, kuzisoma pamoja, kuuliza, kuzigawa zikiwa kubwa, na kukadiria uzito wake. Si tukio lenye siku yake maalumu kwenye mwongozo, ni shughuli inayoendelea. Matoleo ya zamani yalisema kwa kawaida isile zaidi ya asilimia 10 ya uwezo wa timu, kipimo kilichoondolewa mwaka 2020. Sisi tulichagua saa moja kila Jumatano, na hatugusi gunia zima: tunachambua za kutosha sprinti moja au mbili zijazo. Zilizoko chini kabisa tunaziacha zilivyo, mstari mmoja mmoja, kwa sababu nyingi hazitafanywa kamwe.

Jumatano ya kwanza, iliyokuwa juu ilisomeka hivi: "Marejesho ya mikopo kwa simu." Maneno matano. Kila mtu alitikisa kichwa kuwa ameelewa.

Tunakadiria kwa karata. Kila mtengenezaji ana karata zenye namba 1, 2, 3, 5, 8 na 13. Kazi ikishasomwa, kila mmoja anachagua karata kimyakimya, kisha zinafunuliwa kwa pamoja. Namba hizo si saa wala siku. Ni uzito ukilinganisha na kazi nyingine: yenye 5 ni nzito zaidi ya mara mbili ya ile yenye 2. Pengo hupanuka kadiri namba zinavyopanda kwa kuwa kitu kikiwa kikubwa, macho hayawezi tena kutofautisha 12 na 13. Wengi hudhani karata hizi ni sheria ya skramu. Mwongozo wa mwaka 2020 hauzitaji popote; ni desturi ya watu tu, ila desturi nzuri.

Tulipofunua, nikaona 5, 5, 5, 8, na mpimaji ana 13. Utaratibu ni kwamba wa namba ya chini na wa namba ya juu ndio wanaoulizwa kwanza. Nikasema langu: tunapokea malipo tayari, ni kupunguza deni tu. Mpimaji akaanza kuhesabu kwa vidole. "Akilipa pungufu ya rejesho la wiki je? Akilipa zaidi? Akilipa mara mbili kwa bahati mbaya? Deni likiisha na hela ikabaki, inakwenda kwenye akiba au inarudi kwake? Riba inakatwa kwanza au baadaye?" Dada wa bidhaa alikuwa na majibu ya maswali mawili. Mengine aliyaandika, akaenda kukaa na mweka hazina na daftari lake la mkono, na Jumatano iliyofuata akarudi nayo.

Faida ya karata iko hapo hasa. Hatukupata namba sahihi. Tulipata mtu mmoja anayejua jambo ambalo wanne hawakulifikiria, na tukampa nafasi ya kusema kabla mkubwa hajatoa namba yake na wengine wakaifuata.

Kazi ilikuwa kubwa, ikabidi igawanywe, na hapa nusura tukosee. Pendekezo la kwanza lilitoka kwangu: kipande cha kwanza jedwali la kuhifadhi marejesho, cha pili msimbo wa seva, cha tatu menyu ya simu. Inaonekana nadhifu. Lakini mwisho wa sprinti ukiwa na jedwali tu, mama wa kikoba anapata nini? Hapati kitu, na wewe huwezi kujua kama umepatia. Skramu masta akatuomba tukate kama mkate wa kumimina: kila kipande kiwe na juu, kati na chini. Tukapata vipande vinne. Mwanachama alipe rejesho la wiki kamili, kama lilivyopangwa, na deni lipungue: uzito 5. Alipe pungufu au zaidi ya rejesho: 3. Apate ujumbe mfupi wa uthibitisho kutoka kwetu: 2. Mweka hazina aone orodha ya marejesho ya siku: 3. Jumla ni 13, lakini sasa kila kipande kinaweza kuisha peke yake na mtu akakitumia.

Kwenye kipande cha kwanza tuliandika vigezo vitatu vya kukubali. Deni la 120,000 lenye rejesho la 10,000 kwa wiki, likilipwa rejesho moja, libaki 110,000. Taarifa yenye namba ya muamala ileile ikija tena, deni libaki 110,000. Anayelipa bila kuwa na mkopo, aambiwe hivyo kwa maneno, na hela yake isipotee. Tuliandika namba halisi kwa makusudi. "Mfumo ufanye hesabu vizuri" hakipimiki; 110,000 inapimika.

Jumatatu ya mipango tukaingia chumbani saa tatu asubuhi. Mwongozo unaruhusu saa zisizozidi nane kwa sprinti ya mwezi mzima, na kwa fupi huwa pungufu. Sisi tulijiwekea saa tatu, na siku hiyo tulitoka baada ya mbili. Maswali ni matatu kwa mpangilio huu: sprinti hii ni ya nini, tutachukua zipi, na tutazifanyaje.

La kwanza ndilo linalorukwa na timu nyingi, zikabaki na fungu la kazi zisizohusiana. Dada wa bidhaa alikuja na shabaha, tukaipunguza maneno hadi ikawa: mwanachama wa kikoba cha majaribio aweze kulipa rejesho lake la wiki kwa simu, bila mweka hazina kushika fedha taslimu. Angalia haisemi chochote kuhusu ujumbe wala ripoti. Tutaona baadaye kwa nini hilo lilituokoa.

La pili ni la uwezo. Sprinti tatu zilizopita tulikuwa tumemaliza uzito wa 14, 11 na 12, wastani kidogo zaidi ya 12. Mtu wa haraka angesema tuchukue 12. Lakini ndani ya wiki hizo mbili kulikuwa na sikukuu ya siku mbili, na mwenzetu mmoja alikuwa na ruhusa ya siku tatu. Watu watano kwa siku kumi ni siku 50 za kazi. Toa 10 za sikukuu, toa 3 za ruhusa, zinabaki 37, yaani karibu robo tatu. Robo tatu ya 12 ni 9.

Tukachukua rejesho la wiki, 5, na ujumbe wa uthibitisho, 2. Jumla 7. Dada wa bidhaa akataka na malipo pungufu, 3.

"Itakuwa 10, dada," nikamwambia.

"Jamani, kwa moja tu?"

"Shabaha haiihitaji."

"Wanachama wengi hulipa nusunusu."

"Hao wataendelea kwa mweka hazina wiki mbili hizi."

Hakufurahi, lakini hakulazimisha, na kwa mujibu wa skramu hana mamlaka hayo. Yeye huamua kipi kitangulie. Kiasi kinachoingia kwenye sprinti huchaguliwa na watengenezaji, kwa kuwa ndio wanaobeba. Hata hivyo tusijidanganye kwamba hesabu ile ni ahadi. Hadi mwaka 2011 mwongozo ulikuwa ukizungumzia timu kujifunga kwa kazi ilizochukua. Toleo la mwaka huo likabadilisha kuwa makadirio. Walibadilisha kwa sababu nzuri: mtu aliyeapa kumaliza kazi saba, ikifika siku ya mwisho ana tano, atazifanya mbili zilizobaki kwa kuruka upimaji. Timu hujifunga kwa shabaha. Orodha ya kazi inaweza kubadilishwa katikati ya njia kwa mazungumzo na mwenye bidhaa.

La tatu, namna ya kufanya, liliachiwa watengenezaji peke yao. Kazi ya uzito 5 tukaivunja vipande vya siku moja au chini yake: jedwali la marejesho linalokataa namba ya muamala iliyokwisha kuandikwa, kupokea taarifa na kuijibu papo hapo kabla ya kufanya hesabu, hesabu ya deni, menyu ya simu, jaribio linalotuma taarifa moja mara tatu mfululizo. Na kile ambacho zamani tusingekiandika: mwenzako asome msimbo, mpimaji apime kwenye seva ya majaribio. Masharti ya ukutani yalipoingia kwenye hesabu, ndipo tulipotambua kwamba ile 5 haikuwa kubwa hata kidogo. Zamani tulikuwa tunakadiria kuandika tu, halafu tunashangaa kuchelewa.

Siku ya nane ubao ulionyesha dalili ninayoiogopa kuliko zote: safu ya "inaendelea" imejaa, na safu ya "imeisha" ni tupu. Kila mtu ukimuuliza, yuko asilimia 90. Skramu masta hakuuliza tena asilimia. Aliuliza kitu kimoja, "Kati ya hizi, ipi ikiisha tunafika kwenye shabaha?" Nikaacha ujumbe wa uthibitisho niliokuwa nao, nikaenda kusoma msimbo wa mwenzangu wa rejesho la wiki. Jioni mpimaji aliutumia taarifa ileile mara tatu, mkono ukiwa kiunoni. Deni likasoma 110,000. Akasogeza karatasi kwenye safu ya mwisho bila kusema neno.

Ujumbe wa uthibitisho haukuwahi. Msimbo ulikuwepo, ulifanya kazi mezani kwangu, na nilikuwa na hamu ya kuuonyesha kwenye kikao cha mwisho wa sprinti. Mpimaji alikuwa hajaugusa. Kwa mwongozo, kazi isiyotimiza maana ya imeisha haitolewi kwa watumiaji wala haionyeshwi kwenye kikao hicho. Inarudi kwenye baklogi. Haipewi nusu ya alama pia. Sprinti ile tuliandika 5, si 6 wala 7, na namba hiyo ndiyo iliyoingia kwenye wastani wa sprinti iliyofuata.

Kwenye kikao tulimwalika yule mweka hazina. Alishika simu yake mwenyewe, akalipa rejesho la 10,000, akaangalia deni, akaangalia tena. Kisha akaulizwa kama angependa mwanachama apate na ujumbe wetu wa uthibitisho. "Wa nini tena?" akasema. "Kampuni ya simu si inawatumia? Mimi nitafutieni hiyo ya kulipa nusunusu."

Dada wa bidhaa akanitazama, akafungua baklogi, akapandisha malipo pungufu juu kabisa. Ujumbe wangu akaushusha hadi nafasi ya kumi na moja. Mpaka leo uko huko.